Chupa Iliyotoka Goziba

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kuvua, nikapata kazi ya kuosha vyombo katika maabara moja mjini Bukoba. Mkemia wetu alikuwa mama mpole. Maswali yangu yalimchosha mpaka akaamua kunifundisha.

Siku moja ikaletwa chupa kutoka kisiwa cha Goziba. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyonyonywa tumboni mwa mvuvi, saa chache kabla hajafa. Ndugu zake wa Muleba walidai mkewe alimwekea dawa ya kupulizia kahawa kwenye chakula. Mke huyo alikaa kwenye benchi nje ya geti, kati ya shemeji yake na askari, wakisubiri jibu.

Nilimpelekea maji ya kunywa. Shemeji yake akaniambia kikombe hicho nikakioshe mara tatu. Mwanamke alinieleza tu kwamba marehemu alikuwa mlokole, hajawahi kugusa pombe, hata rubisi ya harusini.

Ndani, mkemia alikuwa na kibomba cha plastiki chenye unga mweupe. Aliulowesha kwa methanoli, kisha kwa maji, akiangalia usikauke. Halafu akapitisha sampuli, tone kwa tone. Unga hukamata dawa, uchafu mwingi hupita. Baadaye dawa huoshwa kwenye unga kwa kimiminika kingine, na hicho ndicho kinachoingia kwenye mashine.

Mashine haikuonyesha kitu.

“Na maji yake yalivyonuka gongo,” akasema mkemia. “Wavuvi hawa.”

Nikasema, bila kufikiri, “Mama, mkewe anasema hakuwa anakunywa.”

Akaacha kuandika. Akapiga simu zahanati ya kisiwani. Mhudumu alijibu kwa fahari: mitumbwi ilikwama siku mbili kwa dhoruba, friji hawana, basi akaijaza chupa gongo kali ili kitu kisioze. Huko ndivyo wanavyohifadhi kila kitu.

Mkemia akanieleza taratibu. Pombe ikizidi kwenye sampuli, unga haushiki dawa. Inapita pamoja na uchafu.

“Yale maji yaliyopita kwenye unga umemwaga?”

Sikuwa nimemwaga. Beseni lilikuwa limejaa vyombo, nikaiacha mezani chupa iliyokinga uchafu. Alinitazama, nami nikaelewa kwamba ningeweza kusema nimemwaga, na kesi ikaishia hapo. Nikampa.

Akayazimua kwa maji mengi, akachukua kibomba kipya, akaanza upya. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Safari hii mashine ilichora mlima mmoja mrefu, mahali palepale penye dawa ya kahawa.

Katika ripoti aliandika kwamba dawa imeonekana, na kwamba kipimo hakisemi imefikaje tumboni. Askari alisoma mstari wa kwanza. Shemeji akapiga simu Muleba, akasema kwa Kihaya vitu vya mwanamke vitolewe nje ya nyumba kabla ya jioni.

Mwanamke alinirudishia kikombe kwa mikono miwili.

“Asante, kaka,” akasema, kisha akapanda gari la polisi.

Kama alifanya au hakufanya, sijui. Nilifanya kazi pale wiki mbili zaidi, nikaondoka bila kuaga.