Sakafu ya Bahari Tuliyoitafuta Njia ya Ntoto

Mimi ni mtu wa milima ya Masisi, nimekulia kwenye mashamba ya maharagwe, na msitu wa Walikale sijawahi kuupenda. Unalowa ukiwa umesimama tu. Lakini mwalimu wangu akisema twende, nilikuwa nakwenda, hata wakati ule wa vita ambapo watu wenye akili zao walikuwa wakielekea upande wa pili, kutoka msituni kuja mjini.

Alikuwa mwanajiolojia, nami nilikuwa asistanti wake chuoni Bukavu. Sote tulimwita Madamu. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika tezi yake, yaani tasnifu ya udaktari, juu ya jambo moja: kwamba zamani sana, kabla hajawepo mnyama wala mti, palikuwa na bahari hapa ilipo Kivu yetu, kati ya mabara mawili. Mabara hayo yakagongana, bahari ikafungika, na kipande cha sakafu yake kikasukumwa juu ya nchi kavu kikabaki huko. Kipande cha namna hiyo wanajiolojia hukiita ofioliti. Ushahidi wake ulikuwa doa moja la kijani kwenye ramani ya wakati wa Wabelgiji, msituni kati ya Kibua na Ntoto, na maneno mawili pembeni: mawe ya kijani. Hakuna mwenzetu aliyekuwa amerudi kuyaangalia. Tezi nzima ilining'inia kwenye doa lile, na vita vilikuwa vimeifunga njia mpaka mwaka ule vilipotulia kidogo.

Pale Walikale tulifikia kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, Mkatoliki aliyeweza kusali rozari huku akipima chumvi bila kukosea kimoja wala kingine. Aliposikia safari yetu alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mama, ile bahari munatafuta, mutaijua namna gani? Maji yenyewe haiko!"

Mimi ningemjibu kwa maneno makubwa ya Kifaransa, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Madamu aliomba ruhusa, akaanza kupanga bidhaa za duka juu ya kaunta.

Chini kabisa aliweka miche ya sabuni. Hilo, alisema, ni jiwe zito la ndani ya dunia, chini ya ukoko. Maji yakiliingia hugeuka kijani, laini, likateleza mkononi. Juu ya sabuni aliweka vitenge vilivyokunjwa: jiwe jeusi lenye chembe kubwa, lililopoa polepole, na mara nyingi sehemu yake ya chini ina matabaka. Juu ya vitenge akasimamisha madaftari wima, yamebanana.

"Sakafu ya bahari inapasuka katikati, Papa. Uji wa moto unapanda mu ule ufa, unaganda. Inapasuka tena, mwingine unaingia. Mwisho unaona ukuta kwa ukuta, jiwe ingine haiko katikati."

Juu ya madaftari akamwaga viazi, ambavyo huko huitwa birayi. Uji ule ukitoka na kukutana na maji baridi huganda mafungu mafungu ya mviringo, yamelaliana. Mwisho akanyunyiza unga kidogo, ndiyo tope laini la kilindini.

"Moya haitoshe," akasema. "Sabuni peke yake unaweza kuikuta fasi ingine, birayi vilevile. Tunatafuta mupango yote. Na chini yake tuone fasi ilisukumwa, mawe imesagika. Kwa sababu hii kitu haikuzaliwa huku. Ililetwa."

Mfanyabiashara aliliangalia lundo lile kwa muda mrefu. "Basi sitaigusa mpaka murudi," akasema. "Tutaona kama mutakuta birayi."

Tulitembea. Tuliaga kwa chifu wa kijiji kama inavyopasa, tukapewa njia, tukafuata mto. Jiwe la kwanza tulilolikuta lilikuwa la kijani na lilinitelezesha nikakaa majini. Madamu alicheka kama msichana, akalipapasa, akanishikisha. Sabuni! Mbele kidogo vikaja vitenge, jiwe jeusi la chembe kubwa, limepangika tabaka juu ya tabaka. Halafu nikaona kuta nyeusi zikikata mto wima, nikapiga kelele: "Madaftari!"

Madamu akasogea. Aliinama na lensi yake, akaenda ukuta hadi ukuta, akifuta jiwe kwa kidole gumba.

"Haya yameachana," akasema hatimaye. "Kati ya daftari na daftari iko kitenge."

Tuliendelea mpaka mahali ambapo viazi vilipaswa kuwapo. Havikuwapo. Chembe za lile jiwe jeusi zilizidi kuwa ndogo, ndogo, mpaka hazikuonekana kwa macho, halafu jiwe likagusana na jiwe jingine la matabaka linalong'aa, lile ambalo hapo mwanzo lilikuwa tope la bara. Hapakuwa na kusagika. Na ndani ya lile jeusi kulikuwa na vipande vya lile linalong'aa, vikubwa kama kiganja, kingo zimeungua zikawa ngumu.

Hata mimi nilielewa. Uji wa moto ulipanda hapahapa barani, ukavunja jiwe la kwetu ukalimeza, na pembeni ulipoa haraka kwa kugusa baridi. Kipande cha sakafu ya bahari hakiwezi kuwa kilimeza nchi kavu kilipokuwa kikizaliwa baharini. Nilitamani kulipiga lile jiwe teke.

"Labda mbele, Madamu," nikasema.

"Labda. Lakini ya hapa imekwisha kusema." Alikaa juu ya jiwe, nyundo mapajani. "Inaniuma sana," akasema, na machozi yalimtoka bila kuyaficha. Kisha akasimama, akachora mahali pale kwa utulivu ule aliokuwa nao darasani, akavunja sampuli moja kutoka kwenye mpaka wenyewe, jeusi na kipande kilichoungua ndani yake. Lilikuwa baya kutazama.

Tukirudi tulikutana na kizuizi cha watu wenye bunduki. Huko Walikale, penye madini ya koltani, mtu mwenye mfuko wa mawe haaminiki, na wana haki. Walimwaga yote chini.

"Hii iko koltani?"

"Hapana, kaka. Ni majiwe ya masomo."

Waligeuzageuza, wakabishana, mwisho mkubwa wao akachoka nasi. "Chagula moya. Zingine zinabaki."

Lile la kijani lilikuwa miguuni pa Madamu, linang'aa kwa mvua. Kwa jiwe lile na ramani ya Wabelgiji angeweza kuitetea tezi yake mbele ya maprofesa ambao kamwe wasingetia mguu Ntoto. Aliinama akaokota lile baya.

Njiani nilishindwa kunyamaza. Nikamuuliza kwa nini.

"Ile ya kijani inasema labda," akajibu. "Hii inasema hapana. Nikifika bila hii, nani ataniamini kama bahari haiko?"

Dukani, lundo lilikuwa bado juu ya kaunta vilevile, wateja wakilizunguka. Mfanyabiashara alitoka mbio.

"Mama! Muliona bahari?"

"Haiko, Papa. Ule moto ulipanda palepale mu inchi kavu." Akaweka jiwe lake juu ya kaunta, akamwonyesha kipande kilichomezwa, kingo zake, chembe zinavyopungua, bila haraka, kwa furaha ileile ya siku ya kwanza. Kisha akaanza kulibomoa lundo kutoka juu. Alifuta unga, akakusanya viazi vyote ndani ya kitenge.

"Hii hatukuikuta," akasema. "Tupike."

Tulivila kwa chumvi, palepale dukani. Yeye alikula kwa njaa ya mtu aliyefanya kazi. Mimi nilimwangalia tu, kiazi kikinipoa mkononi, kwa jinsi nilivyomwonea fahari.