Mulinzi aliondoka mbele ya mwezi kuisha

Sisi batu tuliokimbia bauaji njia ya Manguredjipa, ukituambia "mwisho", hatuulize ni lini. Tunafunga muzigo. Kama tungeuliza siku ile, hakuna mutu angebakia wa kuandika haya.

Depo yetu iko Bulengera, hapa Butembo. Tunauzisha maharagi na muchele, sisi bamama saba. Usiku ililindwa na mulinzi wa kampuni moja ya gardiennage yenye bureau yake Beni. Mulinzi yule nilimuita yaya, kaka mukubwa, na yeye aliniita dada, lakini hatukuzaliwa pamoja. Siku bauaji baliingia mu kijiji chetu, yeye njo alibeba mutoto wangu ku mugongo mpaka Butembo. Bwana wangu alibakia kule.

Sasa comité ikaamua kuvunja contrat na ile kampuni. Nasema wazi ni nani: présidente wetu, juu shemeji yake alifungua kampuni yake ya ulinzi, ya bei ndogo, trésorière mwenye kushika pesa, juu anaitika kila kitu présidente anasema, na mimi, juu nilinyoosha mukono kama bengine.

Présidente alitusomea contrat. Mwenye anataka kumaliza, anaandikia mwenzake mwezi moja mbele. Ule mwezi banauita préavis. Unaanza siku barua inapokelewa, na mpaka uishe kazi inaendelea na malipo inaendelea. Barua ikaandikwa mara mbili: moja ya kuachia kampuni, ingine ya kutiwa cachet, muhuri wa kampuni, na kurudishwa kwetu.

"Wewe utaipeleka Beni," présidente akaniambia. "Wewe huogope ile barabara."

"Naiogopa sana."

"Basi utaogopa ukiwa mu gari."

Bakacheka bote. Mimi pia nikacheka, na niko na haya ya kile kicheko.

Niliona ni vibaya yaya asikie habari mu midomo ya soko. Jioni nikamupelekea bugali na sombe, majani ya muhogo, juu kwetu neno zito haliambiwe mutu mwenye njaa. Akakula, akanawa mikono. Nikasema: "Yaya, tunamaliza contrat." Nilitaka kuongeza habari ya mwezi. Lakini aliniangalia, na mimi nikaokota sahani, nikaenda mbio mbio kama mwizi.

Asubuhi nikakuta uniforme imekunjwa ku mulango wa depo, buti juu yake. Funguo aliachia jirani. Nikawaza: nikirudi nitamutafuta. Nikapanda gari.

Ku bureau ya Beni, secrétaire akasoma barua, akapiga cachet ku copie yetu, akaandika tarehe, akasinya. "Mwezi unaanza leo," akasema. Kisha akauliza: "Na mulinzi wetu iko salama?"

"Aliondoka."

Chef akasikia, akatoka mu chumba chake. "Aliondoka na ruhusa ya nani?"

"Ni mimi nilimuambia ni mwisho."

"Na mwezi, ulimuambia?"

"Hapana."

"Mama, hii barua ni kati ya ninyi na sisi. Mulinzi ni wangu, hapana wenu. Mwezi ukiisha, ningemupeleka ku depo ingine. Akiacha poste, naandika abandon, ni kusema alitoroka kazi, na kwangu hana kazi tena." Akapumua. "Jioni nitapiga simu. Akiitika akiwa ku poste, sitaandika kitu."

Yaya alikuwa amezima simu yake. Nikarudi Butembo, roho juu juu, nikamukuta ku parking ya mapikipiki, anapatana bei ya kwenda Manguredjipa, kuchimba zahabu.

"Yaya, unarudia kule kule?"

"Kule mwenye kunifukuza anakuja na panga. Hapana na sahani ya sombe."

Nikashika muzigo wake. Bamotard, benye mapikipiki, bakaanza: "Papa, rudia nyumba, mama analia!" "Aongeze nyama mu sombe, atarudia!" Nikamueleza pale mbele yabo: barua, mwezi, chef, ile kazi ingine.

"Mwezi ni ya nini?" akauliza.

"Ya kazi kuendelea, chef akutafutie pahali pengine."

"Ungeanza na hiyo."

Nikasema ndiyo.

Tukaenda kwa miguu mpaka ku depo, yeye mbele, mimi nyuma na muzigo. Akavaa uniforme akanipa mugongo. Présidente alipita, akamusalimia kama hakuna kitu kilitokea. Akawasha simu yake, ikalia. "Ndiyo, chef. Niko ku poste."

Nikafunga depo, nikamupa funguo.

"Ulale muzuri, yaya."

"Merci, madame."

Kazi yake hakuipoteza: mwezi ulipoisha, chef akamupeleka ku depo ya simenti, kule Beni. Lakini mwezi wote ule, kila jioni, mbele ya bamama bote, aliniita madame.