Kuchuja Upepo, Kubakiza Kifua

Rafiki yangu niliyepanda naye ndege moja kuja Saudia ana sauti nzito kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nyumbani aliimba besi kwenye kwaya, na mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya sauti wa kanisa hilohilo, kwa hivyo nasema kama shahidi: akivuta ile amina ya mwisho, viti vya plastiki vilitetemeka. Siku hizi analinda yadi ya mashine za ujenzi nje kabisa ya Riyadh, mahali pasipo na kitu cha kuzuia upepo isipokuwa yeye mwenyewe. Mimi ni dereva wa familia moja mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah.

Mwaka jana wazee wa kwao walipanga kwenda kwa kina mchumba wake kumtambulisha rasmi. Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa nyanya wa bibi harusi. Nyanya haoni. Watu huwajua kwa sauti tu, na pale nyumbani hakuna binti anayeolewa kabla yeye hajamsikia mwanamume na kusema, "Ndiye." Rafiki yangu alikuwa ameshakaa naye siku moja kabla hatujasafiri, na mzee huyo aliipenda ile sauti kuliko mchumba mwenyewe. Sasa alitaka kuisikia tena mbele ya wageni. Kupiga simu siku hiyo hakungewezekana: mlinzi akiingia zamu anaiacha simu kwa msimamizi, na mtandao wa kule kijijini huja na kuondoka unavyotaka. Ikaamuliwa arekodi, nisafishe, ipigwe kwenye spika ya kukodi pamoja na tenti.

Akarekodi nje. Chumbani wanalala kwa zamu na kiyoyozi kinanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Kwa hiyo alisimama langoni, akatoa hotuba nzuri kabisa, na upepo wa Riyadh ukatoa yake.

Nilijua dawa: kichujio kinachokata sauti nzito za chini na kuruhusu za juu zipite. Ngurumo ya upepo hukaa chini, unaikata, maneno yanabaki. Niliifanya kazi hiyo kwenye laptop yangu chakavu, kisha nikaenda kuisikiliza kwenye gari la bosi, kwa sababu Jeddah nzima sijui spika bora kuliko zile. Nyuma kuna spika moja kubwa ya besi ambayo mwanawe aliiweka. Huko ndiko nilikopotelea. Upepo ambao kwenye laptop ulikuwa mnong'ono, ndani ya gari ulikuwa lori linalopanda mlima.

Bosi akafungua mlango wa nyuma kabla sijazima.

"Hii sauti gani?"

"Mafi shida, baba, hakuna shida. Ni upepo."

Akatazama nje. Mtende wa jirani haukutikisa hata jani moja. "Upepo mafi. Hii ni injini. Yalla, peleka gereji!"

Nikapeleka. Fundi wa gereji alizunguka gari lile kwa heshima, akafungua boneti, akaifunga, akaniambia ni zima. Nikamwambia bosi halas, yameisha, limepona. Alifurahi sana kwamba alikuwa ameligundua mapema.

Ili lisiugue tena, nikakiinua kichujio. Hertz mia moja na hamsini, ngurumo bado. Mia mbili na hamsini, bado kidogo. Nilipofika mia nne, gari likanyamaza kabisa, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikugundua ni nini kingine kilichokuwa kimenyamaza. Nikamtumia bibi harusi amsikilizishe nyanya kwa simu kama majaribio.

Jibu likaja haraka. "Shem, umefanya nini? Shosho anauliza huyu mtoto ametumwa na nani."

"Mtoto?"

"Amesema arudi na mzazi. Amesema kama huyo ndiye anayetaka kunioa, bado hajamaliza shule."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu aliongeza kwamba nyanya sasa ana shaka. Anasema yule wa mwanzo alikuwa mtu mwingine, na huyu ni mwizi wa mabibi. Rafiki yangu aliponipigia, kwa sauti yake halisi, simu ikitetemeka sikioni, alisema, "Buda, kama wewe ndio utafanya nikose bibi, nitakuja Jeddah kwa miguu."

Nikachimba sanduku langu nikatoa headphone za enzi za kanisani. Sponji imeoza, kila ukizivaa zinakuachia masizi masikioni, lakini hazidanganyi. Nikarudi kwenye rekodi ya asili, isiyoguswa, nikaanza chini kabisa na kupandisha kichujio polepole huku yeye akiongea. Kwa muda ni ngurumo tu iliyokuwa inapungua. Nilipopita tisini na kukaribia mia, nikasikia kifua chake kikianza kutoka. Hapo ndipo sauti ya mwanamume huyu inapoanza. Chini ya hapo ni upepo mtupu. Nikarudi nyuma hadi themanini, nikaufanya mkato uwe mkali, ushuke kama ukingo wa paa badala ya kuteleza kama kilima, usije ukaramba sauti yenyewe. Kisha nikakizima kichujio, nikakiwasha, nikakizima, nikisikiliza mtu wala si upepo. Alikuwa yuleyule.

Upepo mwingine ulibaki, maana dhoruba haziishii themanini. Pale alipovuta pumzi nilipandisha kichujio kwa muda huo mfupi tu na kupunguza sauti kidogo, kisha nikakirudisha kabla hajafungua mdomo. Lakini sehemu moja haikuwa na tiba. Alisema, "Kwa unyenyekevu ninamwomba," na hapo upepo ukapiga maikrofoni kofi hadi sauti ikapasuka. Kilichopasuka hakichujiki.

"Rudia huo mstari," nikamwambia. "Simama nyuma ya kontena, upepo ukupige mgongoni, na simu uivike soksi."

"Soksi safi?"

"Hilo halibadilishi sauti."

Akarudia. Nikaushona mstari mahali pake. Mnong'ono wa upepo uliobaki niliuacha, kwa sababu kila nilipougusa, yeye ndiye aliyekonda.

Siku ya kutambulishwa nilikaa garini nje ya duka nikimsubiri madam, mke wa bosi, nikiitazama simu kana kwamba ni mimi ninayeoa. Bibi harusi akanitumia ujumbe wa sauti. Vigelegele nyuma, kisha anacheka na kulia kwa pamoja.

"Shem! Amesema ndiye! Ameshika spika kwa mikono miwili, akasema ndiye huyu. Halafu akakasirika. Anasema mbona mmemwacha mtoto wa watu asimame nje kwenye upepo? Anasema mwambieni aingie ndani."

Nikaupeleka Riyadh ujumbe ule kama ulivyokuwa. Hakujibu mpaka zamu yake ilipoisha. Kisha ikaja rekodi fupi, sauti ile ya kutetemesha viti, ikisema, "Nimeshaingia, shosho. Niko ndani, niko sawa." Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma vilevile, alikuwa bado langoni, akisubiri basi la kampuni.

Ukafuata ujumbe wa maandishi: "Bro, nitolee huo upepo kwanza ndio umtumie."

Nilivaa headphone, nikajaribu, kweli nilijaribu. Kila nilipoutoa wote, alirudi kuwa yule mtoto. Nikamwandikia kwamba hii siiwezi. Aingie ndani kweli, azime kiyoyozi, awaamshe wote waliolala, aseme tena.