Chini Hufa

Bi Rula hakuwa mtu wa kuchekea uzembe. Alifundisha hisabati miaka kumi na tisa, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuruhusu mwanafunzi akate kosa kwa mkono mtupu. Ukikosea, unatoa rula na kukata mstari ulionyooka. Mimi niliketi naye meza moja misimu sita ya kusahihisha mitihani ya taifa, na nakiri alinichosha roho. Nikipiga soga kidogo tu, ananitupia jicho.

Mwaka ule meza yetu ilipewa swali la tisa: tofautisha intego ya 1/t, kutoka x hadi x³. Vikomo vyote viwili, cha juu x³ na cha chini x, vinabadilika na x, ndio utamu wake. Unaweka kikomo cha juu mahali pa t, unazidisha kwa tofautisho la kikomo hicho, kasi yake ya kubadilika: 1/x³ mara 3x², yaani 3/x. Alama mbili. Kikomo cha chini nacho unakifanya vivyo hivyo, 1/x mara 1. Alama mbili nyingine. Kisha unatoa cha chini kwenye cha juu, unapata 2/x, na alama ya tano ni yako.

Siku ya tatu, mchana, Bi Rula aliweka kalamu nyekundu chini kwa kishindo.

"Kaka, njoo uone wizi mchana kweupe!"

Bahasha moja, karatasi baada ya karatasi: 3/x. 3/x. 3/x. Hakuna hata mmoja aliyegusa kikomo cha chini. Nilipigwa na butwaa. Watoto hukosea, sawa, lakini kila mmoja hukosea kivyake.

"Wamepewa jibu na mtu mmoja," alisema. Bahasha zetu huwa na namba za siri tu, hatujui shule. Akajaza fomu ya udanganyifu, akatia sahihi, akampelekea mkuu wa kituo. Fomu ile ikipita, watahiniwa wote wa bahasha wanafutiwa matokeo, masomo yote. Miaka ya shule inakwenda na maji.

Alikuwa amepitia karatasi ishirini. Mimi, kwa udaku wangu, nikaendelea na zilizobaki. Kwenye moja, pembeni, mtoto alikuwa ameandika maneno mawili. Nikayasoma kwa sauti huku nikicheka.

"'Chini hufa.' Eti chini hufa! Nani kawalisha upuuzi huu?"

Bi Rula hakucheka. Alishika ukingo wa meza.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mifano yangu yote ilianza na moja. Kutoka moja hadi x², kutoka moja hadi x³. Moja haibadiliki, tofautisho lake ni sifuri, kwa hiyo sehemu ya chini inakufa. Nikawaambia, chini hufa, msipoteze muda. Halafu nikalazwa wiki tatu. Niliporudi mtihani umefika. Sikuwaambia kwa nini inakufa, kaka. Ni wanangu hawa. Nimewaita wezi!"

Mwanamke aliyenifokea kwa kusahau alama ya kutoa! Mara akawa mbele ya mkuu wa kituo.

"Mwalimu, unaelewa unachosema?" mkuu aliuliza. "Ukiandika haya, hutaitwa tena kusahihisha. Na shuleni kwako barua itafika."

"Naelewa, mkuu. Hawajaiba. Walinisikiliza."

Aliandika yote, akatia sahihi. Mkuu akaichana fomu ya kwanza. Matokeo ya watoto yalipona.

Bahasha ikawa yangu, maana mtu hasahihishi wanafunzi wake. Yeye alisubiri kwenye kiti chake, mkoba magotini, barua ya kumwondoa ichapwe. Nikagawa: mbili juu ya tano, mbili juu ya tano. Nilimhurumia mpaka nikaona haya.

Karatasi ya mwisho ilinikata maini. Huyu alikuwa ameandika 3/x, kisha akajihakiki: intego ya 1/t ni log ya t, log ya x³ kutoa log ya x ni 2 log x, ukitofautisha, 2/x. Sahihi kabisa. Halafu akaikata kazi hiyo yote, akarudia 3/x na kuandika: "Mwalimu alisema chini hufa."

Kilichokatwa hakisahihishwi. Nikataka kuificha, lakini Bi Rula alikuwa ameshainama begani kwangu.

"Mpe mbili," alisema.

Akaupitishia kidole ule mstari wa kukatia. Ulikuwa umenyooka, wa rula.