Ndizi Mbichi Haina Sukari

Sokoni walimwita Bi Ulimi, na jina hilo lilikuwa na maana mbili: moja alijivunia, nyingine alijifanya haijui. Ile aliyojifanya haijui ni kwamba alikuwa na maneno. Ile aliyojivunia ilitokana na kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa anavumbika ndizi, na hakuna aliyewahi kumwona akizibofyabofya kama wenzake. Yeye alimenya moja, akamega kipande, akakitia mdomoni, akasema, "Kesho asubuhi." Kesho yake asubuhi kreti zilitoka za manjano kotekote, na wabishi wakafyata mkia.

Chumba cha kuvumbikia kilikuwa nyuma ya nyumba, hakina dirisha, nyufa za mlango zimezibwa kwa magunia. Mume wake ndiye aliyekijenga, enzi zile bado anaitwa huku na huku kwa kazi ya uashi. Watu walimwita Fundi hata baada ya kustaafu, na mke wake naye alimwita hivyohivyo. Ndizi ziliingia mle zikiwa ngumu, Bi Ulimi akachomeka mbivu mbili tatu katikati ziwaamshe wenzao, akafunga. Siku ya tatu akifungua mlango, joto lilimpiga usoni, na harufu ya utamu ikajaa uani.

Kwa hiyo siku walipoambiwa kwamba Fundi ana sukari, yeye hakubabaika. Vidonge alipewa, na vidonge vitamezwa. Lakini ugonjwa wenyewe unaitwa sukari, na sukari ni kitu ambacho ulimi wa mtu mzima unakijua. Aliondoa kopo la sukari mezani, akaficha asali, akapiga marufuku soda. Ndizi mbivu, hata ganda lake lisionekane. Badala yake kila mchana alimchemshia Fundi ndizi mbichi, vidole kumi vilivyonona, na chumvi na kitunguu.

"Mbichi haina sukari," alimwambia. "Kula ushibe."

Fundi alikula. Wakienda kupima, kumi na sita. Mwezi uliofuata, kumi na saba, wakati daktari anataka isivuke kumi. Jicho la kushoto lilianza kuona ukungu, halafu likazimika. Daktari wa macho akasema vimishipa vya ndani vimevuja, na sukari isiposhuka, la kulia litafuata.

Hapo ndipo Bi Ulimi alipopata wazimu. Kama chakula ni safi na kipimo ni kichafu, basi mtu anadokoa. Alimpekua mifuko. Fundi akirudi kutoka kibarazani kwa jirani, alimnusa mdomo kama askari anayetafuta mlevi. Siku moja akaokota ganda la peremende mlangoni, akalitandika juu ya meza mbele yake.

"Hili ni la nani?"

"Sijui, mama. Wallahi silijui."

"Sukari inajipandisha yenyewe?"

"Labda."

"Labda! Mtu mzima na mvi zako, unasema uongo kwa ajili ya peremende."

Fundi hakuwa mtu wa kujitetea mara mbili.

Alipolazwa wiki moja ili wamrekebishie dawa, Bi Ulimi alimpelekea chakula kutoka nyumbani, kwenye bakuli la kufunika. Mtaalamu wa lishe wa wodi, binti mwenye sauti ya upole, alimzuia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Naomba kuona alichopikiwa baba."

"Marahaba. Tazama tu mwanangu, mimi sina la kuficha. Ndizi mbichi tupu. Wewe kamkamate huyo anayemletea vitu vitamu."

Binti alihesabu vidole kwa uma. Akavuta kiti, akamkaribisha akae. "Mama, baba anasema wewe unavumbika ndizi. Kreti ikiiva, uzito unaongezeka?"

Bi Ulimi alicheka. Swali la mtoto. "Unapungua. Kilo ishirini inatoka kumi na tisa."

"Na huo utamu, unauweka wewe?"

"Niuweke na nini? Mimi nafunga mlango tu."

"Basi umetoka ndani. Ndizi mbichi imejaa wanga. Ikiiva, wanga unageuka sukari mlemle. Gramu ni karibu zilezile, na nguvu anayopata mlaji ni karibu ileile. Zinapungua kidogo tu, kwa sababu ndizi inapumua na inachoma kasukari kake. Ndilo lile joto la chumba chako. Hiyo kilo inayopotea, sehemu kubwa ni maji."

"Lakini mbichi si tamu," Bi Ulimi alisema. "Mimi ulimi wangu haujawahi kunidanganya."

Binti alimkatia kipande kutoka bakulini. "Tafuna, mama. Usimeze mpaka nikwambie."

Alitafuna. Chumvi, kitunguu, ule ukavu wa ndizi mbichi anaoujua. Aliendelea kutafuna mpaka kikawa uji mdomoni, akataka kumeza, binti akamwinulia mkono. Kisha, polepole, ikaja. Utamu. Mdogo, lakini utamu. Alifunga macho ili aujue vizuri, akaujua.

"Mate yameanza kuuvunja wanga," binti alisema. "Tumboni kazi inamalizwa. Mbichi kabisa isiyopikwa, wanga wake mwingine unapita bila kusagwa. Ukiichemsha, mwingi unafunguka. Iliyoiva inapandisha haraka zaidi, hilo ni kweli, na mbichi ina nafuu hapo. Lakini kidole kimoja cha hivi kina wanga gramu ishirini na tano hivi. Vidole kumi ni mia mbili hamsini. Ni kama vijiko hamsini vya sukari, mama, ila vinaingia taratibu kidogo."

"Kila siku?" aliuliza Bi Ulimi, kana kwamba binti ndiye aliyekuwa akipika.

"Angekula viwili, vitatu, na mboga nyingi na maharage kiasi, tungekuwa mahali pengine."

Bi Ulimi aliuliza jambo moja tu, kama jicho la kushoto litarudi, na binti akatazama chini. Alitamani kugombana na mtu, na hakuwepo wa kugombana naye.

Walirudi nyumbani. Sukari ilianza kushuka: kumi na mbili, kumi, tisa. Macho hayakungoja hesabu. Mwezi wa pili la kulia nalo lilijaa giza, madaktari wakalichoma kwa mwanga wa leza, wakalichoma tena, na daktari akasema kilichokufa humo hakifufuliwi. Bi Ulimi alisimama kwenye korido na mkoba wake, hajui amshike mkono wa kulia au wa kushoto.

Kwa muda wote huo alikuwa hajamwambia. Kila akifungua mdomo, ule mdomo wa soko zima, maneno yalimkauka. Alipunguza chakula kimyakimya, akajaza sahani majani na maharage. Lakini mtu asiyeona huipapasa sahani yake. Mchana mmoja Fundi alipitisha vidole polepole, akagusa ndizi moja baada ya nyingine, akatafuta nyingine pembeni.

"Tatu," alisema. "Siku hizi ni tatu tu. Umenikuta na nini tena?"

Bi Ulimi alikaa. Akamweleza yote, wanga, mizani, kipande alichotafuna, bila kuruka kitu. Mwisho akasema, "Hukudokoa chochote, Fundi. Ni mimi. Nilikulisha mimi."

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, uso ameuelekeza pasipo na mtu.

"Nilikuwa nashiba kwenye kidole cha tano," alisema. "Uliniambia nikibakisha utajua nimekula vingine nje. Vile vitano vya mwisho nilivila ili uniamini."