Fremu Yenye Skrubu ya Saa

Watu walimwita Mama Moshi, na si kwa sababu ya jiko. Alikuwa na bomba la moshi lililobonyea ubavu, la kupulizia nyuki, na hakuachana nalo hata anapokwenda kusuka nywele. Walisema nyuki wake wanamjua kwa mwendo. Walisema kuna mwizi aliruka ukuta wake mchana kweupe, nyuki wakamtoa, wakamsindikiza mpaka mlango wa polisi, wakamngoja nje aandikishe maelezo. Yeye mwenyewe alikana. Alisema walimfikisha kwenye kona tu.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa ya kusoma picha. Tangu simu ziwe na macho, wafuga nyuki wa mtaa wake na wa mitaa mingine hawakumwita tena aje kupanda ngazi. Walimtumia picha ya fremu, kiunzi cha mbao chenye sega kinachochomolewa mzingani, naye akawajibu kwa sauti, mdomo umejaa muhogo. Aliwafundisha namna ya kuipiga: ukung'ute nyuki kwanza, kwa sababu picha ya nyuki ni picha ya migongo; jua likae nyuma ya bega lako liingie ndani ya vitundu, ndipo yai lionekane; upige pande zote mbili, maana fremu ina uso na kisogo. Kisha yeye angesema. Malkia mzima hutaga kama mtu anayesuka mkeka, anaanzia katikati anazunguka kwenda nje, na majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyofunikwa hulala shada moja, tundu tupu moja moja tu hapa na pale. Pembeni yake pindo la chavua, rangi rangi. Juu kabisa upinde wa asali iliyozibwa kwa nta. Ukiona hivyo, funga mzinga ukalale.

Picha ya wifi yake ilimkuta chumba cha kukamulia asali, mikono inanata hadi viwiko. Wifi huyu alikuwa dada wa mumewe, mwanamke wa maneno, na wala hawakuwahi kuelewana vizuri. Miaka mingi alikuwa akisema kwenye vikao vya ukoo kwamba kwa Mama Moshi hata chumvi hutolewa kwa kupima na kijiko cha dawa. Mwaka uliopita alitangaza kwamba naye anataka kufuga. Mama Moshi akamziba mdomo mbele ya ukoo mzima: akampa kasha la fremu zenye masega yaliyokwisha kujengwa. Anayejua nyuki anajua hiyo ni zawadi ya namna gani. Nyuki hawahangaiki kutengeneza nta, wanakuta nyumba ina vyumba, wanahamia na vyombo. Wifi alimshukuru mpaka akatoa chozi, na Mama Moshi alilikumbuka lile chozi kama wengine wanavyokumbuka siku ya harusi.

Akaigusa simu kwa kifundo cha kidole. Picha moja, upande mmoja, nyuki wamejaa kona ya chini. Juu asali nzuri, nyeupe. Chavua ipo. Majana yana mapengo, kama kinywa cha bibi.

"Wifi yangu, usihangaike," akasema ndani ya simu. "Chakula kipo. Malkia kazeeka, anaruka vitundu. Fremu hiyo ihamishie mzinga wa ukutani, ule wenye nguvu, wakulelee hao watoto wasipotee. Halafu huyo bibi tumtafutie mrithi."

Jibu likarudi upesi. "Sawa, daktari. Na mimi nikianza kuruka vitundu utanitafutia mrithi?"

Mama Moshi akacheka, akaendelea kukamua.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mumewe alikuwa mezani pake. Huyu alikuwa fundi saa, mpole, mwenye kioo kidogo cha kukuzia alichokipachika jichoni kiasi kwamba watoto wa jirani waliamini amezaliwa nacho. Mama Moshi akampa simu aone mafanikio ya dada yake.

Fundi akaisogeza kwenye kioo chake. Hakutazama majana. Fundi hutazama kazi ya fundi.

"Hii fremu yetu," akasema.

"Si nilimpa."

"Ndiyo. Sikio lake, hii ncha ya kuning'inizia, lilivunjika, nikalifunga kwa skrubu ya ile saa ya ukutani. Hii hapa, ya njano. Ilikuwa ya ule mzinga wako uliokufa."

Akamrudishia simu, akarudi kwenye vigurudumu vyake. Hakujua kwamba amesema kitu.

Mama Moshi akakaa. Akaikuza picha kwa vidole viwili, kitu ambacho jana hakukifanya kwa sababu ya asali mikononi, au ndivyo alivyojiambia. Skrubu ilikuwepo. Akateremka mpaka kwenye majana. Vifuniko vya majana mazima huwa vikavu, rangi ya biskuti, vimeinuka kidogo. Hivi vilikuwa vimebonyea. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, na vingine vilikuwa na kitobo cha mkwaruzo katikati, kana kwamba mtu alichungulia ndani akajuta. Malkia mzee huacha vitundu vitupu. Habonyezi vifuniko.

Akakumbuka harufu. Picha haina pua, lakini yeye alikuwa nayo siku ile alipoufungua mzinga wake uliokufa. Harufu ya gundi ya zamani, ya kitu kilichooza kikafungiwa. Alisimama akanusa, akajiambia ni mvua, paa lilivuja. Aliona magamba meusi yamekauka chini ya vitundu vichache, akajiambia ni uchafu. Masega yalikuwa mengi, yamenyooka, na ukoo ulikuwa unakutana wiki ile. Ugonjwa wa kuoza majana hujificha ndani ya sega kuukuu miaka na miaka, unangoja mtoto wa nyuki alishwe hapo. Hilo alilijua. Alikuwa akiwafundisha wengine.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akaanza kuandika: usihamishe ile fremu, nimepata wazo jingine. Akayatazama maneno "wazo jingine" yalivyokaa pale yamevaa nguo safi. Akayafuta. Akatia kiberiti mfukoni, akachukua bomba lake, akatoka bila kuaga.

Njia nzima alimwomba wifi yake awe mvivu. Mara ngapi amemsema kwa uvivu. Leo angemlipia nauli ya kwenda kulala.

Alimkuta uani, nyuma ya nyumba, amevaa wavu usoni, anafunga mfuniko wa mzinga wa ukutani.

"Umekuja kukagua?" wifi akauliza. "Nimehamisha tangu asubuhi, sasa nilikuwa nachungulia tu. Neno lako mimi silichelewi siku hizi. Nimebadilika, wifi, uniandike."

"Fungua."

"Si nimefunga sasa hivi."

"Fungua, mama. Nakuomba."

Ile "nakuomba" ilikuwa ngeni katikati yao, wifi akafungua bila mzaha. Mama Moshi akapuliza moshi kidogo, akaivuta fremu, akaikung'uta. Kona ya chini, ile iliyokuwa imefunikwa na nyuki kwenye picha, ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Harufu ikamjia kama mtu anayekudai salamu.

Akachukua njiti ya kiberiti, akaitumbukiza kwenye kitundu kimoja kilichobonyea, akaizungusha, akaivuta taratibu. Kilichokuwa mtoto wa nyuki kikafuata njiti. Kikavutika, uzi wa kahawia, mrefu kama kamasi, ndipo ukakatika.

"Nini hiyo?" wifi akauliza.

"Ugonjwa wa kuoza majana. Ule mbaya. Hauna kupona."

Wifi akavua glavu moja, akaishika bila kujua aiweke wapi. "Ni mimi," akasema polepole. "Niliwapa sukari. Ilikuwa imekaa stoo, ilikuwa na unyevu. Nikasema nyuki nao wajue dhiki. Ni ile sukari, siyo?"

Hapo ndipo palipomtoa jasho Mama Moshi kuliko njia yote. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mwenye nyumba. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Sukari isingekuja kujitetea. Wifi angeomboleza, yeye angemfariji, na kwenye ukoo wangesema Mama Moshi alikimbia kwa miguu kwenda kumwokoa.

"Nilijua tu sina mkono," wifi akaendelea. "Umenipa kitu kizima, mimi nimekiua."

Mama Moshi akaigeuza fremu, akamwonyesha sikio lake.

"Unaijua skrubu hii?"

Wifi akainama. Akaijua. Hakuna mwingine duniani anayetengeneza mzinga kwa skrubu ya saa. "Ya kaka yangu."

"Ilikuja nayo. Ugonjwa ulikuwa ndani ya masega niliyokupa. Mzinga wangu ulikufa nao, nikaunusa, nikajifanya sina pua. Na jana ulipotuma picha, nikaona asali nikaacha kuangalia. Huu wa ukutani nimeuua kwa mdomo wangu."

Nyuki walivuma. Wifi alimtazama kupitia wavu, na Mama Moshi hakuweza kuona uso vizuri, akaona ni haki yake asiuone.

"Nilitoa chozi," wifi akasema. "Mbele ya watu."

"Nakumbuka."

"Bora ungenipimia chumvi."

Mama Moshi akaomba jembe.

Walichimba shimo pamoja, kando ya ukuta. Walimpigia bwana nyuki wa serikali, akaja, akarudia jaribio la njiti, akatikisa kichwa, akasema mizinga yote miwili ichomwe, na masega, na asali yake, na glavu zile. Jua lilipozama nyuki wakarudi wote nyumbani, kwa utii ule ule. Wakaziba milango. Mama Moshi ndiye aliyewasha moto, kwa njiti za kiberiti kile kile. Nta iliyeyuka ikanukia vizuri, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Kurudi kwake alitoa stoo masega yote yaliyobaki ya mzinga uliokufa, akayachoma pia. Siku zilizofuata akaifungua mizinga yake mmoja baada ya mwingine, njiti mkononi. Haikukutwa na kitu. Hakushukuru kwa sauti. Aliona kama kosa limepotea njia likaenda kwa mwingine.

Picha za watu hazikukoma kuja. Lakini siku hizi hajibu mdomo umejaa. Huosha mikono, huazima kioo cha mumewe, huanza kwa kuuliza: sega hili ulilipata kwa nani? Wengine huona ni swali la umbea.

Wifi alibaki na mizinga michache ya upande wa pili wa uwanja. Alinyamaza muda mrefu, hata kwenye vikao, kiasi kwamba ukoo ulidhani anaumwa. Kisha picha ikaja. Fremu imekung'utwa, jua nyuma ya bega, uso na kisogo, na kona zote nne moja moja. Haikuwa na salamu, wala "daktari". Chini yake aliandika maneno mawili.

"Soma taratibu."

Mama Moshi akapachika kioo jichoni, akaanza na kona ya chini.