Biskuti Akataa Kidonge

Binti yangu wa pili ni fundi cherehani, na wenzake kazini wamembandika jina la Biskuti. Kando ya mkasi wake pakiti ya biskuti haikosekani. Wao walidhani ni uroho. Mimi nilimchunguza: akila anatulia, chakula kikishashuka anakunja uso na kubonyeza chini ya chembe ya moyo.

"Panawaka, mama, kama nimemeza pasi," aliniambia.

Shangazi yake akasema ni pilipili. Bosi wake, mwanamke mwenye duka la ushonaji, akasema ni mawazo ya kukosa mume. Kila mmoja akampa kidonge cha kupunguza asidi. Akimeza anapata nafuu, akiacha moto unarudi. Nilipochoka kutazama, nikamshika mkono mpaka zahanati.

Daktari alimpapasa tumbo, akamuuliza kama humeza dawa za maumivu mara kwa mara. Hamezi.

"Huenda ni vidonda vya tumbo," akasema. "Vingi huletwa na bakteria wanaokaa humo ndani. Wasipouawa, hata kidonda kikifunga, kinaweza kurudi. Tupime choo. Dawa ya asidi umemeza lini?"

Biskuti akainamisha kichwa. "Leo asubuhi. Sikutaka kuja kugumia kwa maumivu mbele za watu."

"Hiyo huwaficha hao bakteria. Kipimo kitasema hawapo, kumbe wapo. Iache wiki mbili ndipo urudi. Ukizidiwa, kunywa hii dawa nyeupe ya maji, yenyewe haiwafichi. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje, njoo hapo hapo."

Zile wiki zilinikondesha mimi kuliko yeye. Nilimfuata hadi chooni kuangalia rangi, akanifungia mlango. "Mama, hata hiki nacho?"

Hata hiki nacho, nikamjibu, nikabaki pale pale.

Siku moja nimempelekea chakula kazini, nikamkuta bosi amemsimamia na kidonge kiganjani. "Meza. Sare za shule zinangojwa."

"Simezi."

"Basi kaugulie kwenu."

"Nitaugulia hapa hapa, bosi, na sare utazipata."

Akashona huku jasho linamtoka. Nilitaka kusema neno, nikaona hanihitaji.

Wiki mbili zilipotimia tukarudi, kipimo kikasema wapo. Akapewa antibiotiki za aina mbili pamoja na ile ya asidi, asubuhi na jioni, na amri ya kuzimaliza zote. Maumivu yaliisha kabla dawa hazijaisha, naye hakuacha hata kidonge kimoja. Daktari alitaka apimwe tena mwezi mmoja baada ya kumaliza antibiotiki, na safari hii pia dawa ya asidi aiache mapema.

Siku ilipofika, bosi alicheka. "Umepona, mwanangu. Unakwenda kupima nini?"

Biskuti alikata uzi kwa meno, akazima cherehani.

"Nakwenda kujua kama wamekufa au wamenyamaza tu."

Akachukua mkoba wake, akapita mbele yake bila kuomba ruhusa. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshavaa viatu.